Mkojo Umekutoka: Ulikuwa Unafanya Nini?

Kanga iliyolowa mkojo haisemi chochote kuhusu chanzo chake. Mama aliyepiga chafya akalowa, mama aliyekimbilia choo akachelewa kwa hatua mbili, na binti aliyejifungua wiki iliyopita ambaye sasa analowa usiku na mchana, wote wanafua nguo kwa sabuni ileile na wote wananyamaza vilevile. Lakini hitilafu zilizomo mwilini mwao ni tatu tofauti kabisa. Tiba ya mmoja haimfai mwenzake, na ipo ambayo ikipewa mtu asiyestahili inamfungia mkojo hadi anapelekwa hospitali akipiga kelele za maumivu.

Ndiyo maana nesi au daktari anayejua kazi yake haanzi na dawa, anaanza na swali: mkojo ulipokutoka, ulikuwa unafanya nini? Jibu la swali hilo, likichukuliwa kwa makini, linatenganisha aina nyingi za tatizo hili kabla mgonjwa hajapanda kitandani kupimwa. La kusikitisha ni kwamba katika zahanati na maduka ya dawa mengi swali hilo haliulizwi. Mwanamke akisema tu "mkojo unanisumbua", anaambiwa ni yutiai, anapewa antibayotiki za siku tano, anarudi baada ya mwezi, anapewa nyingine. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo na yanaweza kuleta mkojo wa ghafla, lakini yanapimwa. Kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo na majibu yake yanatoka ndani ya dakika mbili.

Kwanza tuone kibofu kinavyofanya kazi. Ni mfuko wa misuli unaojaa taratibu kutoka kwenye figo. Kwa mtu mzima mwenye afya, hisia ya kwanza ya kutaka kwenda haja huja kikiwa na mililita 150 hadi 200 hivi, na anaweza kungoja mpaka kifike 400 au 500. Wakati wote huo msuli wa kibofu umelegea, huku misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayotandazwa kutoka mfupa wa kinena hadi mkia wa uti wa mgongo, imekaza na kuubana mrija wa mkojo. Ukifika chooni mambo yanageuka: ya chini inalegea, wa kibofu unakaza, mkojo unatoka hadi karibu wote uishe. Anayevuja, basi, ama mlango wake haufungi vizuri, ama kibofu chake kinakaza kabla hakijaamriwa, ama hakimwagi kikajaa kupita kiasi, ama kuna tundu pasipostahili tundu. Wapo pia ambao kibofu chao ni kizima na kinachowashinda ni kufika chooni.

Tumchukue mgonjwa mmoja tumfuate hatua kwa hatua. Si mtu fulani, nimemtunga kutokana na maelezo ambayo madaktari wa wanawake huyasikia kila wiki. Ana miaka 51, ni mama lishe, amezaa watoto wanne kwa njia ya kawaida na wa mwisho alikuwa na kilo nne na nusu. Uzito wake ni kilo 86, urefu sentimita 158. Anatumia enalaprili kwa ajili ya presha. Hedhi imekoma mwaka jana. Kwa miaka mitatu amekuwa akilowa, ametibiwa yutiai mara nne, na siku hizi hapandi daladala bila kuvaa pedi mbili. Akiwa na safari anaacha kunywa maji tangu usiku.

"Mama, ukilowa unakuwa unafanya nini?" anaulizwa kliniki.

"Nikikohoa. Nikinyanyua sufuria. Lakini kinachonimaliza ni kile cha ghafla, mwanangu. Mkojo ukinishika haunipi nafasi hata ya kutafuta ufunguo wa choo."

Katika majibu hayo mafupi zimo aina mbili. Kulowa wakati wa kukohoa, kucheka, kupiga chafya, kuruka au kunyanyua mzigo ni dalili ya mlango dhaifu: shinikizo la tumboni linapopanda ghafla, misuli na nyuzi zinazoushikilia mrija haziwezi kulihimili, na mkojo kidogo unachupa. Hapo hakuna hamu ya kukojoa iliyotangulia. Kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa mtoto mkubwa au uzazi uliochukua muda mrefu, ndicho chanzo kikubwa kwa wanawake, na unene unaongeza mzigo juu ya misuli ambayo tayari imechoka. Kwa wanaume aina hii huonekana zaidi baada ya upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani.

Kile cha ghafla ni jambo jingine. Hapo mlango unaweza kuwa mzima, ila msuli wa kibofu unajikaza wenyewe kikiwa bado na mkojo mchache. Hamu inakuja kama amri, na mkojo unaotoka huwa mwingi kuliko wa kikohozi, wakati mwingine kibofu kizima. Kusikia maji ya bomba yakitiririka, kuingiza mikono kwenye maji ya baridi, au kuuona mlango wa choo vinatosha kukichokoza. Mtu wa namna hii huenda haja mara nyingi mchana na huamka usiku. Mwenye aina zote mbili kwa pamoja, kama mama huyu, ana tatizo mchanganyiko, nalo ni la kawaida sana kwa wanawake wa umri wake.

Maneno peke yake yanaweza kupotosha, kwa hiyo mama anapewa kazi ya nyumbani: siku tatu aandike kwenye daftari kila anachokunywa, kila anapokojoa na kiasi gani, kila anapolowa na alichokuwa akifanya. Kupima anatumia jagi la plastiki lenye alama za mililita, lile la kupimia maziwa, alilolitenga kwa kazi hiyo tu. Siku hizo si lazima zifuatane, na zisiwe siku za kujibana na maji, maana hapo daftari litasema uongo.

Siku yake ya kwanza inasomeka hivi. Saa 11 na nusu alfajiri, mililita 320. Saa 1 asubuhi vikombe viwili vya chai ya rangi. Saa 2 kasorobo, mililita 110. Saa 2 na nusu, 80. Saa 3 na robo, 120, na amelowa akifungua kufuli ya choo. Hivyo hivyo hadi usiku. Jumla kwa saa 24: amekojoa mara 13, mililita 1,650, chai vikombe sita, maji vikombe viwili tu. Amelowa mara nne, moja akikohoa huku amebeba sufuria la wali na tatu kwa mkojo wa ghafla, ya tatu akiwa anaosha vyombo bombani.

Mtu aliyezoea kusoma daftari kama hili anaona mambo matatu. Kwanza, ile mililita 320 ya alfajiri inathibitisha kuwa kibofu si kidogo wala hakijasinyaa, kinaweza kutunza. Mchana kinaitwa chooni kikiwa na mililita 80 hadi 160 kwa sababu kimezoea kuitwa mapema. Wanawake wengi hujifunzia tabia hiyo bila kujua: anakojoa kabla ya kutoka, anakojoa akifika, anakojoa "isije ikanishika njiani", mpaka kibofu kinaanza kulalamika kwa mkojo wa nusu kikombe. Pili, jumla ya 1,650 ni ya kawaida, kwa hiyo figo hazitengenezi mkojo kupita kiasi. Ingekuwa lita tatu na zaidi, daktari angekimbilia kupima sukari. Na kama sehemu kubwa ya mkojo, zaidi ya theluthi moja, ingetoka usiku, macho yangehamia kwenye miguu iliyovimba na moyo kabla ya kukilaumu kibofu. Tatu, kati ya mara nne za kulowa, tatu ni za ghafla. Kwa hiyo matibabu yataanza na upande huo.

Kisha anapimwa. Kijiti cha mkojo: hakuna dalili ya maambukizi, hakuna sukari, hakuna damu. Anaombwa aje na kibofu kilichojaa, akohoe kwa nguvu akiwa amesimama, na tone linaonekana palepale, jambo linalothibitisha udhaifu wa mlango. Anachunguzwa ukeni kuona kama kizazi au ukuta wa kibofu umeshuka, kama ngozi imekauka kwa kukoma hedhi, na kama misuli inakaza anapoambiwa aikaze. Mwishowe anakwenda kukojoa, na mara tu baada ya hapo ultrasaundi inapima kilichobaki kibofuni. Kwake ni mililita 30. Chini ya 50 ni nzuri, na zaidi ya 200 inamaanisha kibofu hakimwagi.

Kipimo hiki cha mabaki ndicho kinachorukwa zaidi kuliko vyote, na ndicho ambacho kukiruka kuna hatari. Nitarudi hapo tukifika kwa wazee wa tezi dume. Vile vipimo vikubwa vya kupitisha mipira kibofuni na kuchora shinikizo la ndani havihitajiki kwa mama huyu. Hufanywa pale majibu yanapopingana, au kabla ya upasuaji usio wa kawaida.

Jambo la kwanza daktari analolibadilisha halihusu kibofu hata kidogo. Enalaprili na dawa za ukoo wake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na mama anakiri kuwa amekuwa akikohoa tangu aanze kuimeza. Presha inahamishiwa kwenye losatani, ambayo haina kawaida ya kuleta kikohozi. Chai inapunguzwa kutoka vikombe sita hadi viwili, vyote asubuhi, kwa sababu kafeini inakichokoza kibofu na kuongeza mkojo. Maji, kinyume na anavyotarajia, yanaongezwa hadi lita moja na nusu kwa siku: mkojo mzito unaounguza hukisumbua kibofu, na tumbo lililofunga choo hukikandamiza.

Halafu anaanza kukifundisha kibofu upya. Mchana anakojoa kwa saa, si kwa hamu. Anaanza na pengo analoliweza, dakika 60, na kila wiki anaongeza dakika 15. Hamu ikija kabla ya wakati hakimbii, maana kukimbia kunaitikisa nyonga na kuithibitishia akili kwamba kuna hatari. Anasimama palepale au anaketi, anakaza misuli ya chini haraka haraka mara tano au sita, anajishughulisha na kitu kingine akilini, na anangoja. Hamu hupanda ikafika kilele ikashuka, na ikishuka ndipo anatembea kwenda chooni polepole. Wiki mbili za kwanza ni ngumu na pengine atalowa zaidi, na wengi huachia hapo. Wiki ya sita pengo lake limefika saa mbili na robo, anakojoa mara nane kwa siku, na mkojo wa ghafla umemlowesha mara moja tu katika wiki nzima.

Sambamba na hayo kuna mazoezi ya sakafu ya nyonga, yaliyopata umaarufu baada ya daktari wa Marekani, Arnold Kegel, kuyaandikia mwaka 1948. Karibu kila mwanamke aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito ameyasikia, na wengi wanayafanya vibaya. Kinachotakiwa ni kukaza kana kwamba unazuia upepo usitoke nyuma na wakati huohuo unazuia mkojo mbele, ukivuta kwa ndani na kwenda juu. Makalio yasikaze, mapaja yasibanane, pumzi isizuiwe. Anayesukuma chini kama anayejifungua anaidhoofisha misuli anayotaka kuiimarisha, na ndiyo sababu fundi wa viungo au mkunga anapaswa kuhakikisha kwa kidole, angalau mara moja, kwamba msuli unapanda. Kukatisha mkojo katikati kunafaa kwa jaribio moja la kuutambua msuli. Kusifanywe kuwa zoezi la kila siku, kwa sababu kunamzoesha mtu kubakiza mkojo.

Kipimo cha kuanzia ni kukaza mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Kila mkazo ushikiliwe kwa sekunde chache za mwanzo hadi ufike nane au kumi, na mapumziko yawe marefu kama mkazo. Mtu aliyeacha baada ya wiki tatu akasema hayafanyi kazi hajayajaribu bado. Na kuna mbinu moja inayosaidia mapema kuliko misuli kunenepa: kukaza kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua. Mama lishe wetu anajifunza kukaza kabla ya kushika mikono ya sufuria. Uzito nao una hesabu yake. Akipungua kilo tano hadi nane, kuvuja kwa kikohozi kutapungua kwa kiasi anachokiona kwenye pedi.

Zikiisha hatua hizi na mkojo wa ghafla bado upo, ndipo dawa zinaingia. Za zamani, kama oksibutinini na solifenasini, hukituliza kibofu, ila hukausha mdomo, hufunga choo na kuvuruga kuona kwa karibu. Wazee huchanganyikiwa nazo, na mwenye presha ya macho ya aina fulani hatakiwi kuzimeza bila kumwambia daktari wa macho. Mirabegroni haikaushi mdomo hivyo, lakini presha ya damu lazima iangaliwe na bei yake si ya kila mfuko. Yoyote itakayochaguliwa ipewe wiki nne kabla ya kuhukumiwa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa kiasi kidogo inaweza kupunguza ile hali ya kukimbizwa. Dawa zikishindwa, zipo hospitali kubwa zinazochoma botulini ndani ya ukuta wa kibofu. Nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa ikarudiwa, na mgonjwa lazima awe tayari kujiingizia mpira mwenyewe iwapo kibofu kitatulia kupita kiasi.

Kwa upande wa kikohozi hakuna kidonge cha kutegemea. Pete ya mpira inayowekwa ukeni kuushikilia mrija huwafaa baadhi, hasa anayelowa akifanya kazi nzito tu. Anayetaka suluhisho la kudumu hufanyiwa upasuaji: kuunyanyua ukuta wa uke na kuushona karibu na mfupa wa kinena, au kuwekewa mshipi chini ya mrija, uliotengenezwa kwa utando wa tumbo lake mwenyewe au kwa wavu wa plastiki. Wavu huo ulienea kwa kasi kwa sababu operesheni yake ni fupi, lakini baadhi ya wanawake walipata maumivu ya kudumu na wavu kutokeza ukeni, na mwaka 2018 Uingereza ikasimamisha matumizi yake. Ukishauriwa kuwekewa, uliza mshipi ni wa nini na itakuwaje ukileta shida. Na upasuaji wa aina yoyote hautibu mkojo wa ghafla. Unaweza hata kuuzidisha. Hapo ndipo daftari la siku tatu linapomwokoa mtu kisu asichokihitaji.

Sasa tumgeukie mzee wa miaka 70. Analalamika kuwa "anakojoa sana", usiku anaamka mara sita, suruali imelowa matone na godoro lina harufu. Ukisikiliza juu juu utasema huyu ni kama mama lishe, kibofu chake kina haraka. Muulize zaidi: mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika katika, na akimaliza anahisi haujaisha. Ukimgusa chini ya kitovu kuna uvimbe mgumu usiouma. Ultrasaundi baada ya kukojoa inaonyesha mililita 900. Kibofu chake ni pipa lililojaa pomoni, na kinachodondoka ni ziada tu.

Mzee huyu akipewa dawa ya kutuliza kibofu, kile kinguvu kidogo kilichokuwa kikisukuma kinazimwa na mkojo unafunga kabisa. Hata dawa za mafua za dukani, zile za kukausha kamasi na kuleta usingizi, zinaweza kumfikisha huko kwa usiku mmoja. Ndiyo hatari niliyoitaja ya kuruka kipimo cha mabaki. Matibabu yake huanza kwa kuwekewa mpira wa mkojo ili kibofu kipumzike, na damu kupimwa kuona kama msongo wa muda mrefu umeziumiza figo. Tezi dume inachunguzwa kwa kidole na ultrasaundi. Tamsulosini hulegeza njia ndani ya siku chache. Finasteridi huipunguza tezi kubwa, ila inahitaji kama miezi sita, jambo ambalo mgonjwa asipoelezwa ataitupa mwezi wa pili. Zikishindikana, tezi inakwanguliwa kupitia njia ya mkojo.

Si wanaume tu wanaojaa hivi. Kisukari cha miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya kibofu, mgonjwa asihisi kimejaa. Anayeumia uti wa mgongo naye hupatwa. Kwa hawa tiba ya kuaminika ni kujiingizia mpira safi mara nne au tano kwa siku, kutoa mkojo na kuuondoa. Tangu daktari Jack Lapides na wenzake wa Michigan waeleze njia hiyo mwaka 1972 imeokoa figo nyingi, na haihitaji mpira uliochemshwa kila mara: mikono na mpira vikiwa safi vinatosha. Mpira unaokaa ndani miezi na miezi ndio unaoleta maambukizi yasiyoisha.

Yupo pia bibi ambaye kibofu chake hakina kosa. Magoti yameliwa na baridi yabisi, choo kiko uani, na kidonge chake cha kupunguza maji mwilini anakimeza jioni. Tiba yake ni ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, taa, gauni lisilo na vifungo vingi, na furosemidi ihamishiwe asubuhi kwa ushauri wa aliyeiandika. Kwa wazee daktari aangalie pia choo kigumu kilichoziba, maana kikiondolewa kuvuja huisha bila kidonge chochote.

Nimemwacha binti wa wiki moja baada ya kujifungua hadi mwisho kwa sababu kwake swali letu linajibiwa tofauti. Ulikuwa unafanya nini? Hakuna. Amelala analowa, amekaa analowa, na chooni hapati kitu au anapata kidogo. Historia yake karibu kila mara ni uchungu wa siku mbili au tatu ambao haukuendelea. Kichwa cha mtoto kiligandamiza kibofu dhidi ya mfupa wa kinena, damu haikupita, nyama ikafa, na siku chache baadaye ikadondoka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo ni fistula. Ipo pia inayotokana na kisu, pale mrija unaotoka kwenye figo unapokatwa kwa bahati mbaya wakati wa kutoa mtoto au kizazi.

Kuithibitisha hakuhitaji mashine. Pamba au shashi tatu hupangwa ukeni, kibofu kikajazwa maji yenye dawa ya bluu kupitia mpira, na mama akaambiwa atembee kidogo. Shashi ya juu au ya kati ikitoka bluu, tundu liko kibofuni. Ya juu ikilowa mkojo usio na bluu, shaka iko kwenye mrija wa figo, kwa sababu mkojo huo haujapita kibofuni. Ikiwa ya chini pekee ndiyo bluu, huenda hakuna tundu, ni mlango unaovuja. Akiwahi, tundu likiwa dogo na bichi, mpira wa mkojo ukiachwa wiki kadhaa unaweza kulifanya lizibe lenyewe. Kwa hiyo mkunga anayemwona mzazi analowa asimwambie asubiri arobaini iishe. Vinginevyo ni upasuaji, na mpira hubaki siku 7 hadi 10 baada ya operesheni ya fistula nyepesi, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2018. Ujauzito unaofuata ujifungulie hospitali kwa upasuaji.

Tiba hii inapatikana kwetu. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo, na tangu 2009 imetumia M-Pesa kutuma nauli ya wagonjwa wa mikoani. Bukavu iko Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Madaktari wa fistula husema wazi pia jambo ambalo familia hazipendi kulisikia: tundu likizibwa vizuri kabisa, baadhi ya wanawake hubaki wakilowa wakikohoa, kwa kuwa misuli ya mlango nayo iliumia. Huyo hajashindikana. Amepona fistula, na sasa anatibiwa kama mama lishe.

Daftari la siku tatu linafaa kwa wengi, lakini kuna watakaopoteza mengi wakilingoja. Mkojo wenye damu unahitaji uchunguzi hata kama hauumi. Mkojo uliofunga kabisa, au kuvuja kulikoambatana na homa na maumivu ya ubavu, ni wa hospitali siku hiyohiyo. Na mtu aliyeanza kulowa ghafla huku miguu ikilegea na ganzi ikiwa imeshika katikati ya mapaja, pale anapokalia, ana mishipa ya fahamu inayobanwa mgongoni. Huyo apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu mishipa ikikaa imebanwa muda mrefu kibofu hakirudi tena kuwa chake.